Dari ya shilingi 12.50: jinsi volyumu ilivyotutenganishia mvunjo wa kweli na wa uongo

Katika daftari la uwekezaji la chama chetu hapa Kisumu, kila hisa tunayoifuatilia ina safu nne: bei ya kufunga, bei ya juu kabisa ya siku, idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo, yaani volyumu, na idadi ya miamala. Wanachama wengi hukimbilia safu mbili za kwanza. Mimi, kwa kuwa ndiye niliyepewa kazi ya kulijaza daftari, nimezoea kuanza na zile mbili za mwisho. Nataka kueleza sababu kwa kutumia hisa moja tu. Hisa hiyo ilivunja dari lile lile mara mbili katika muda wa miezi michache, mara ya kwanza kwa uongo na mara ya pili kwa kweli, na tofauti yote ilikuwa imeandikwa kwenye zile safu mbili kabla bei haijasema lolote.

Ni kampuni ya viwandani iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Sitaitaja jina, kwa sababu tabia yake ya wakati ule si lazima iwe tabia yake ya leo, na sitaki mtu akainunue kwa kunisoma mimi. Kwa miezi kadhaa bei yake ilikuwa ikipanda hadi shilingi 12.50 na kurudi chini. Ilifika hapo mara tatu, na mara zote tatu ikasukumwa hadi kwenye 11 na senti. Hilo ndilo tunaloliita dari: bei ambayo wenye hisa wa kutosha wako tayari kuuza, kiasi kwamba wanunuzi wanaishiwa pumzi kabla ya kuimaliza bidhaa iliyoletwa sokoni. Bei ikilipita dari, huo ndio mvunjo: ni wa kweli bei ikikaa juu, ni wa uongo ikirudi chini.

Kabla ya kuieleza siku ya mvunjo wa kwanza, ni lazima kwanza nieleze kawaida ya hisa hii, maana bila kuijua kawaida, neno "nyingi" au "chache" halina maana yoyote. Mtu akikuambia leo zimeuzwa hisa 40,000, hajakuambia kitu. Kwa Safaricom, ambayo ina hisa zaidi ya bilioni 40 na huuza mamilioni kwa siku, 40,000 ni vumbi. Kwa kampuni ambayo sehemu kubwa ya hisa zake zimekaliwa na mwenye kampuni mwenyewe, 40,000 zaweza kuwa kazi ya wiki nzima. Chukua BAT Kenya: ina hisa milioni 100, na asilimia 60 ziko kwa kampuni mama, kwa hiyo zinazoweza kuzunguka sokoni ni chini ya nusu. Kila hisa hupimwa kwa historia yake yenyewe.

Kuipata kawaida hiyo, wengi hutumia wastani wa siku 20 za soko. Mimi natumia namba ya katikati: nazipanga siku 20 kuanzia yenye mauzo madogo hadi yenye makubwa, kisha nachukua iliyo katikati ya ya kumi na ya kumi na moja. Kwenye jedwali la kompyuta au simu ni fomula moja tu, ikiwa namba zimo kwenye safu ya C:

```
=MEDIAN(C2:C21)
```

Sababu ya kuukwepa wastani ilionekana wazi kwenye hisa yetu. Katika zile siku 20, siku 19 zilikuwa na mauzo ya kawaida, mengi yakiwa kati ya hisa 10,000 na 30,000. Siku moja ziliuzwa 690,000. Siku hiyo moja iliuinua wastani hadi 52,000, ilhali namba ya katikati ilikuwa 18,000. Ukishika wastani, siku ya mauzo ya hisa 45,000 utaiona kuwa imepwaya, kumbe ni mara mbili na nusu ya siku ya kawaida.

Na zile 690,000 zenyewe zilikuwa nini? Safu ya nne ilijibu: miamala miwili, kwa bei ya 11.80, na bei ya siku haikusogea. Hapo ni mwenye mzigo mkubwa na mnunuzi mkubwa waliokwisha kuelewana kupitia madalali wao, wakapitisha biashara yao. Haituambii kwamba watu wengi wameamka kuitaka hisa. Nalisema hili mapema kwa sababu mwanachama mmoja, mtu makini kabisa mwenye duka la vipuri Kibuye, aliiona namba hiyo na kusema, "Angalia basi, wakubwa wameanza kuingia." Huenda mmoja aliingia, lakini mwingine alitoka siku hiyo hiyo na kwa idadi ile ile.

Sasa siku ya mvunjo wa kwanza. Ilikuwa Alhamisi. Soko hufunguliwa kwa biashara saa tatu na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri. Saa nane hivi, kundi letu la WhatsApp lilianza kuwaka: hisa imevuka 12.50, iko 13, leteni pesa. Chama kilikuwa na shilingi 180,000 zilizotengwa kwa ajili ya ununuzi, na mwenyekiti akanipigia simu. "Mwalimu," aliniambia, "hii bei tumeingoja tangu mwanzo wa mwaka. Tukingoja zaidi tutainunua ikiwa 15."

Nilifungua programu ya dalali wetu nikatazama. Bei ya juu ya siku ilikuwa 13.10. Mpaka soko linafungwa, hisa zilizouzwa zilikuwa 5,200. Miamala ilikuwa michache sana, na nikaiandika kama ilivyokwenda: hisa 300 kwa 12.45, hisa 900 kwa 12.60, hisa 1,000 kwa 12.80, hisa 2,000 kwa 13.00, na hisa 1,000 kwa 13.10. Zidisha na ujumlishe, utapata shilingi 66,975. Yaani dari lililosimama kwa miezi, lililowarudisha wanunuzi mara tatu, lilivukwa kwa pesa isiyofika shilingi 67,000. Na hisa zile 5,200 zilikuwa chini ya theluthi moja ya mauzo ya siku ya kawaida.

Kuna jambo la soko letu ambalo lazima lijulikane hapa. Bei ya kufunga ya Nairobi si bei ya muamala wa mwisho wa siku. Ni wastani wa bei za siku nzima, kila bei ikihesabiwa kwa uzito wa hisa zilizouzwa kwa bei hiyo. Faida yake ni kwamba mtu hawezi kuja dakika ya mwisho akanunua hisa 100 kwa bei ya juu na kuipamba chati. Zikiuzwa hisa 100,000 kwa 12.40 na 100 kwa 13, bei ya kufunga itabaki 12.40. Kwa hiyo mvunjo unaoonekana kwenye bei ya juu pekee, huku bei ya kufunga ikibaki chini ya dari, unaweza kuuacha bila kuumiza kichwa. Lakini kinga hiyo huvuja siku ambayo mauzo yote ni machache. Gawanya 66,975 kwa 5,200 utapata karibu 12.88. Bei ya kufunga kwenye chati ilionyesha kuvunja dari waziwazi, na mtu anayetazama mstari wa bei peke yake asingeweza kuona kasoro yoyote.

Nilichokitafuta baada ya hapo ni foleni ya wauzaji. Programu huonyesha oda za kununua na za kuuza zinazosubiri, kwa bei kadhaa juu na chini ya bei ya sasa. Wiki iliyotangulia, pale 12.50 palikuwa na oda ya kuuza ya hisa zaidi ya 25,000. Alhamisi ile haikuwapo. Haikununuliwa, maana hisa zilizouzwa siku nzima hazikufika hata robo yake. Ilikuwa imeondolewa tu. Mwenyewe aliiondoa, au muda wake uliisha. Kwa hiyo wanunuzi wachache walipofika pale hawakukuta mtu, wakapita, wakagusa oda ndogo ndogo zilizokuwa juu.

Hapa ndipo kiini cha jambo lote kilipo. Dari huvunjika kwa kweli pale bidhaa ya wauzaji inapomalizwa: aliyekuwa akiuza kwa 12.50 ameshauza, hisa zake sasa ziko kwa mtu mwingine aliyekubali kulipa 12.50 au zaidi, na huyo mpya hana haraka ya kuuza kwa 12.55. Volyumu kubwa ni alama ya mzigo huo kuhama. Volyumu ndogo maana yake mzigo bado uko kwa wenyewe. Hawajauza, na sasa wanaona kwenye simu zao kwamba bei imefika 13. Mtu aliyekuwa radhi kuuza kwa 12.50, utamzuiaje asiuze kwa 12.90? Kwa hiyo mvunjo wenye mauzo haba huwaita wauzaji warudi, na wakirudi, nyuma ya bei hakuna kundi la wanunuzi wapya lenye sababu ya kuitetea.

Wakazi wa hapa wataelewa haraka nikisema habari za Dunga, ufukwe wetu wa wavuvi. Asubuhi moja mtu wa hoteli anaweza kuja ufukweni na kununua samaki mmoja, mbuta, kwa bei ya juu kwa sababu ana wageni na mitumbwi bado haijarudi. Hakuna mchuuzi atakayesema bei ya mbuta imepanda. Atangoja mitumbwi itie nanga, aone watu wananunua kilo ngapi kwa bei gani.

Nilimjibu mwenyekiti kwamba pesa zetu peke yake zilikuwa na uwezo wa kununua karibu hisa 13,900 kwa bei ya 12.95, ambazo ni zaidi ya mara mbili na nusu ya mauzo yote ya siku ile. Tungeingia, sisi ndio tungekuwa mvunjo. Bei ingepanda kwa mkono wetu wenyewe, na siku tutakayotaka kutoka tungekuta mlango ni ule ule mwembamba. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, tungoje mpaka katikati ya wiki ijayo. Lakini wanachama utawaeleza wewe." Niliwaeleza. Hawakufurahi, na sikuwalaumu, maana bei ilikuwa juu na mimi nilikuwa nikizungumzia safu ambayo wengi hawakuizoea.

Ijumaa ziliuzwa hisa 3,900, bei ikafunga 12.85. Jumatatu hisa 7,100, ikafunga 12.70. Jumanne oda ya kuuza ilitokea pale 12.50, hisa 30,000 kwa mkupuo. Jumatano ziliuzwa 41,000 na bei ikafunga 12.05. Itazameni hiyo namba ya Jumatano: siku ya kushuka ilikuwa na mauzo karibu mara nane ya siku ya kuvunja. Ukiona kupanda kuna hisa 5,200 na kushuka kuna 41,000, soko limekwisha kusema upande gani una watu.

Tungenunua Alhamisi ile na kuuza kwa 12.05, tungepoteza senti 90 kwa kila hisa, yaani kama shilingi 12,500. Ongeza ada. Dalali wetu pamoja na tozo nyingine hutukata karibu asilimia 2 wakati wa kununua na asilimia 2 wakati wa kuuza, ambazo kwa pesa ile ni karibu shilingi 7,000. Jumla ni takriban 19,500, na hiyo ni kama tungefaulu kupata wanunuzi wa hisa 13,900 kwa bei ile. Ada za namna hii ndizo zinazoufanya mvunjo wa uongo uume zaidi kwetu kuliko kwenye masoko ambako kuingia na kutoka ni karibu bure. Huko mtu anaweza kujaribu, akikosea anatoka. Kwetu kila jaribio lina bei yake, kwa hiyo subira ina thamani inayohesabika.

Nirudi kwenye hisa. Baada ya kushuka ilizurura kati ya 11.70 na 12.30 kwa muda, mauzo yakiwa ya kawaida. Kisha ikaanza tena kupanda kuelekea 12.50, na safari hii daftari lilianza kubadilika kabla dari halijavunjika. Bei ilikwama kati ya 12.40 na 12.50, lakini mauzo ya kila siku yalikuwa yakikua: hisa 24,000, kisha 31,000, kisha 37,000. Namba ya katikati wakati huo ilikuwa 20,000. Kwenye foleni, oda ya kuuza pale 12.50 ilikuwa ikiliwa. Asubuhi unaikuta na hisa 30,000, mchana imebaki 18,000, kesho yake mwenyewe ameongeza, jioni imeliwa tena. Nilipenda sana kuitazama hali hiyo. Bei haisogei, na mtu wa chati atasema hakuna kinachotokea, kumbe mzigo unahama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine mbele ya macho yako.

Siku ilipovunja, saa tano na nusu asubuhi tayari hisa 46,000 zilikuwa zimeuzwa. Hili la saa ni muhimu kwa anayetaka kuamua kabla ya soko kufungwa. Usilinganishe mauzo ya saa tano na mauzo ya siku nzima iliyopita ukaona ni machache. Ila ikiwa saa mbili tu baada ya soko kufunguliwa mauzo yameshapita mara mbili ya siku nzima ya kawaida, huhitaji hesabu zaidi. Mpaka saa tisa ziliuzwa hisa 118,000, katika miamala 84. Bei ya juu ilikuwa 13.05, bei ya kufunga 12.85. Gawanya 118,000 kwa 20,000, unapata karibu mara sita ya kawaida.

Ile miamala 84 niliipa uzito sawa na zile hisa 118,000. Muamala mkubwa kuliko yote siku hiyo haukufika hisa 15,000. Ulikuwa umati wa watu, si mtu mmoja na rafiki yake. Tangu Agosti 2025 soko limeruhusu mtu kununua hata hisa moja badala ya kuanzia 100, kwa hiyo idadi ya miamala nayo lazima isomwe kwa uangalifu, kwani miamala mingi yaweza kuwa ya hisa mbili tatu. Ndiyo maana naziweka safu mbili pamoja. Moja peke yake haitoshi.

Bado hatukununua siku hiyo. Si kwa woga. Dari lililovunjika kwa kweli mara nyingi hurudiwa: bei hushuka kidogo kuja kuligusa kwa juu, na hapo ndipo panapopimwa kama wanunuzi wapya wapo. Jambo la kutazama wakati wa kurudi huko ni mauzo yapungue. Kesho yake ziliuzwa hisa 52,000, ikafunga 12.95. Kisha 26,000 kwa 12.75, 14,000 kwa 12.60, na 11,000 kwa 12.55. Bei inashuka, lakini wanaouza wanazidi kuwa wachache, na haikushuka chini ya 12.50. Linganisha na mara ya kwanza, ambapo kushuka ndiko kulikokuja na umati. Kwenye foleni sasa oda kubwa ilikuwa upande wa kununua, hisa 20,000 na zaidi pale 12.50. Bei iliyokuwa dari ilikuwa imegeuka sakafu.

Tuliingia kwa nusu ya pesa katika siku hizo mbili za 12.60 na 12.55, tukiweka oda ndogo ndogo za hisa elfu moja moja na mbili mbili, ili tusiisukume bei sisi wenyewe. Nusu ya pili tuliingoja siku ya kuthibitisha. Ilikuja mara tu baada ya hapo: hisa 39,000, bei ikafunga 12.90. Tukanunua zilizobaki kwa 12.95. Wapo waliouliza kwa nini tulipe zaidi kwa nusu ya pili. Kwa sababu nusu ya pili ilinunuliwa kwa kujua jambo ambalo tulipokuwa tukinunua nusu ya kwanza tulikuwa tukilitumaini tu. Wiki kadhaa baadaye bei ilikuwa juu ya shilingi 14, na kwa ada zetu tulihitaji ipite 13.30 hivi ndipo tuanze kuona faida.

Kiwango gani kinatosha kuitwa volyumu ya kuthibitisha? Kwa hisa zenye mauzo haba kama ile, mimi natafuta angalau mara tatu ya namba ya katikati, na miamala iliyotapakaa. Kwa hisa kubwa zinazouzwa kwa mamilioni kila siku, mara moja na nusu hadi mara mbili inanitosha, kwa kuwa huko mauzo hayayumbiyumbi sana, na ongezeko la nusu tayari ni hisa nyingi mno. Hivyo ni vipimo vyangu, vimetokana na kujaza daftari, na mtu mwingine aweza kuvikaza au kuvilegeza.

Volyumu nayo hudanganya, na hapo ndipo wanaoijua nusu nusu huumia. Tulikuwa na hisa nyingine iliyovuka dari lake ikiwa na mauzo ya 210,000, kawaida yake ikiwa 27,000. Kundi likashangilia, mara nane hii! Nikatazama miamala: tisa tu, na mmoja wao peke yake ulikuwa wa hisa 180,000. Ukiuondoa huo, zinabaki 30,000, yaani siku ya kawaida kabisa iliyopanda juu kidogo. Baada ya siku chache ilikuwa imerudi chini ya dari. Tangu hapo, kila mara nauondoa muamala mmoja mkubwa kuliko yote na kuuliza kama mvunjo bado unasimama bila huo.

Kipindi kingine cha kushuku ni siku za kuelekea kufungwa kwa daftari la wanahisa kwa ajili ya gawio. Watu hununua ili majina yao yawemo, mauzo huongezeka, bei hupanda na pengine huvuka dari. Lakini sababu ya kununua ina tarehe ya kuisha. Tarehe ikipita, hisa inauzwa bila haki ya lile gawio, bei hushuka, na wale waliokuja kwa ajili ya gawio huanza kutoka. Mvunjo wa siku hizo siuhesabu hata ukiwa na volyumu. Nangoja nione kama wiki mbili baadaye bei ingali juu. Pia kampuni ikigawanya hisa zake au kutoa za nyongeza, idadi ya hisa sokoni hubadilika, na volyumu za zamani lazima zirekebishwe kwa uwiano huo huo kabla ya kulinganisha.

Vijana wengi hapa mjini, hasa walio vyuoni, wananiuliza kuhusu fedha za kigeni, maana ndizo wanazofanyia biashara kwa simu. Wanaona vijiti vya volyumu chini ya chati kwenye programu ya MetaTrader na kudhani ni kitu kile kile. Sicho. Biashara ya sarafu haina soko moja linalohesabu kila shilingi au dola iliyopita. Vile vijiti mara nyingi huhesabu ni mara ngapi bei ilibadilika kwa yule dalali wako, si kiasi cha pesa kilichouzwa. Vinaweza kukuonyesha kama soko limechangamka au limelala, na mvunjo wa saa nane usiku kwa saa za hapa, wakati London na New York zimefungwa, hakika ushukiwe. Lakini huwezi kusema mzigo wa wauzaji umemalizwa kwa kuvitazama, kwa sababu mzigo wenyewe huuoni. Kijana mmoja wa hapa Kondele alinibishia, "Lakini mwalimu, vijiti vilikuwa virefu na bado bei ikarudi." Nilimwomba afungue chati ya jozi ile ile ya sarafu kwa dalali mwingine. Bei zilikuwa karibu sawa, vijiti havikufanana.

Kwa hisa tuliyoinunua, kanuni ya kutoka tuliiandika siku ile ile ya kununua: bei ikifunga chini ya 12.50 kwa mauzo yanayozidi namba ya katikati, tunauza nusu kesho yake bila mkutano, na ikifunga huko siku ya pili tunauza zilizobaki. Ikifunga chini ya 12.50 kwa hisa elfu mbili tatu, hatufanyi kitu, tunatazama foleni. Mwekahazina alitaka tuandike bei peke yake ili iwe rahisi kukumbuka. Tulibishana kidogo, kisha akakubali safu ya volyumu iingie kwenye kanuni, na sasa ni yeye anayenitumia zile namba mbili kila siku soko linapofungwa.